Posho ya mwanagenzi inayopanda kila mwaka: namna ya kuipanga, kuiandika na kuikagua

Mkataba wa uanagenzi ukiandikwa "mwaka wa kwanza asilimia 40, wa pili 55, wa tatu 75", wanaotia saini huziangalia hizo namba tatu tu. Mzazi anauliza kama 40 si ndogo mno, mwajiri anajiuliza kama 75 si kubwa mno, kisha wanakubaliana. Swali linalosahaulika ni hili: asilimia 75 ya nini? Ya mshahara wa fundi wa leo, au wa fundi wa siku ile mwanagenzi atakapoufikia mwaka wa tatu?

Nimeandaa mishahara ya karakana kwa miaka kadhaa, na migogoro karibu yote ya posho niliyoiona haikutokana na asilimia kuwa ndogo. Ilitokana na namba ambayo asilimia hiyo ilizidishwa nayo, na siku ambayo ngazi mpya ilianza kuhesabiwa. Kwa hiyo mwongozo huu unakaa zaidi kwenye mambo hayo mawili. Unamfaa mwajiri anayeandika mkataba, karani anayelipa, na mwanagenzi anayetaka kujua kama amelipwa haki yake.

Hatua ya kwanza: taja mshahara kamili ni upi

Posho ya ngazi ni zao la namba mbili. Moja ni asilimia ya mwaka husika, nyingine ni mshahara kamili. Asilimia huandikwa wazi kwenye mkataba kwa sababu ndiyo inayobishaniwa. Mshahara kamili huachwa uelee hewani, kana kwamba kila mtu anaujua.

Kuna misingi mitatu ambayo hutumika. Wa kwanza ni kima cha chini cha mshahara kilichowekwa na sheria. Wa pili ni mshahara ulio kwenye mkataba wa hali bora ambao chama cha wafanyakazi kimefunga na waajiri wa fani hiyo. Wa tatu ni mshahara ambao karakana yenyewe humlipa fundi aliyefuzu siku anapoanza kazi. Asilimia ileile moja inaweza kuzaa posho tatu zilizo mbalimbali sana, ikitegemea msingi uliochaguliwa.

Ufaransa inaonyesha jinsi msingi unavyoweza kubadilika hata ndani ya sheria moja. Huko posho ya mwanagenzi hupimwa kwa kima cha chini cha taifa. Mwenye umri chini ya miaka 18 hulipwa angalau asilimia 27 mwaka wa kwanza, 39 mwaka wa pili na 55 mwaka wa tatu. Mwenye miaka 18 hadi 20 hulipwa 43, 51 na 67. Mwenye miaka 21 hadi 25 hulipwa 53, 61 na 78, lakini kwake kipimo si lazima kiwe kima cha taifa tena: kama mshahara wa chini wa fani kwenye mkataba wa hali bora ni mkubwa zaidi, huo ndio unaozidishwa. Akiwa na miaka 26 au zaidi hulipwa asilimia 100. Ukisoma safu za asilimia peke yake hutaiona tofauti hiyo ya msingi, na pengine ndiyo inayobeba fedha nyingi kuliko pointi nane au kumi za asilimia.

Ushauri wangu kwa mwenye uhuru wa kuchagua ni msingi wa tatu: mshahara wa fundi aliyefuzu anayeanza, katika karakana hiyohiyo na fani hiyohiyo. Usichukue mshahara wa fundi mwenye miaka kumi kazini, kwa kuwa huo umebeba uzoefu ambao mwanagenzi hataupata hata akimaliza. Usichukue pia mshahara wa kibarua asiye na fani, kwa maana mwanagenzi hajifunzi ukibarua. Hoja nzima ya ngazi ni kwamba anapanda kuelekea mahali fulani, na mahali hapo ni kiti cha fundi mpya.

Ukishapata kiasi, linganisha na sheria ya nchi kabla ya kuendelea. Marekani, kwa mfano, programu ya uanagenzi iliyosajiliwa lazima iwe na ratiba ya mshahara unaopanda kadiri ujuzi unavyoongezeka, lakini mshahara wa kuanzia hauruhusiwi kushuka chini ya kima cha chini kinachomhusu mwanagenzi huyo. Huko asilimia ikikupa namba iliyo chini ya kima hicho, asilimia inashindwa na kima kinatawala.

Hatua ya pili: panga ngazi kwa kuangalia kazi inayotoka mikononi

Watu wengi hupanga ngazi kwa kugawanya sawasawa: 25, 50, 75. Hesabu ni rahisi kukumbuka, lakini haifuati jinsi mtu anavyojifunza kazi. Njia ninayoiamini zaidi ni kukadiria ni sehemu gani ya wiki ya fundi mwanagenzi anaweza kuijaza.

Chukua wiki ya siku tano, moja ikiwa ya darasani. Mwaka wa kwanza, katika siku nne za karakana, siku mbili huishia kwenye kutazama, kujaribu na kurudia kazi iliyoharibika. Siku mbili zinazobaki hufanya kazi inayouzika, kwa kasi ya nusu ya fundi. Mbili mara nusu ni moja, yaani siku moja ya fundi kati ya tano, asilimia 20. Mwaka wa pili tuseme siku tatu ni za kazi ya kweli, kwa kasi ya asilimia 70. Hiyo ni siku 2.1 kati ya tano, asilimia 42. Mwaka wa tatu siku zote nne ni za kazi, kwa kasi ya asilimia 90. Hiyo ni siku 3.6, asilimia 72.

Hizo 20, 42 na 72 si posho. Ni kipimo cha kazi inayotoka. Ngazi za 40, 55 na 75 zikiwekwa juu yake, mwajiri anatoa pointi 20 zaidi ya anachopata mwaka wa kwanza, 13 mwaka wa pili na 3 mwaka wa tatu. Jumla ni pointi 36, kidogo zaidi ya theluthi moja ya mshahara wa mwaka mmoja wa fundi, mbali na muda wa fundi anayefundisha. Sasa mwajiri anajua anachokiwekeza, na anaweza kuamua kwa macho mawili kama anakimudu. Fani ambayo mwanafunzi huanza kuzalisha mapema itakuwa na picha nyingine, kwa hiyo kaeni na fundi anayefundisha mkadirie upya. Msinakili namba zangu.

Angalia hasa ngazi ya mwisho. Ikiwa ni asilimia 55 ilhali mwanagenzi anazalisha 72, mwajiri anapata faida kubwa kwenye mwaka wa tatu, na siku moja baada ya kuhitimu gharama inaruka kutoka 55 hadi 100. Mruko huo unamshawishi mwajiri amwage aliyehitimu na kumchukua mwingine wa kuanza upya. Ngazi ya mwisho iliyo karibu na 75 au 80 hupunguza kishawishi hicho. Upande wa pili, ngazi ya kwanza ikiwekwa juu mno, karakana ndogo hazitachukua mwanagenzi kabisa. Ndiyo maana ngazi huanza chini na kupanda. Shirika la Kazi Duniani, katika Pendekezo namba 208 la mwaka 2023 kuhusu uanagenzi bora, linataja malipo yanayoweza kuongezwa katika hatua mbalimbali za mafunzo ili yaendane na ujuzi unaoongezeka.

Hatua ya tatu: tofautisha asilimia na pointi za asilimia

Hapa ndipo maneno ya kawaida yanapomponza mtu. "Kila mwaka ataongezewa asilimia 15" ni sentensi yenye maana mbili.

Tuseme mshahara kamili ni 1,200 kwa mwezi (sitaji fedha ya nchi yoyote, weka yako). Mwaka wa kwanza ni asilimia 40, yaani 480. Anayeisoma sentensi ile kama pointi atatoka 40 kwenda 55, na 55 ya 1,200 ni 660. Anayeisoma kama nyongeza juu ya posho atazidisha 480 kwa 1.15 apate 552, ambayo ni asilimia 46 tu ya mshahara kamili. Tofauti ni 108 kila mwezi, na kila upande una sentensi ya mkataba mkononi inayouunga mkono.

Mifumo yote miwili ipo duniani, na yote ni halali ikitajwa wazi. Ujerumani hutumia ule wa pili kwenye kiwango chake cha chini cha posho. Sheria huweka kiasi cha mwaka wa kwanza, kisha mwaka wa pili huongezwa asilimia 18, wa tatu 35 na wa nne 40, zote zikihesabiwa juu ya kiasi cha mwaka wa kwanza na si juu ya mshahara wa fundi. Kwa waliotia mkataba na kuanza mwaka 2025 kiasi cha kwanza kilikuwa yuro 682, kwa hiyo mwaka wa pili ni 805 na wa tatu 921. Mtu akisikia "35" akadhani ni asilimia 35 ya mshahara kamili, amekosea kabisa.

Kwa hiyo andika ngazi kwa namba zake kamili, "asilimia 55 ya mshahara kamili", na usiandike kamwe "ongezeko la".

Hatua ya nne: funga siku ya kupanda

Mwaka wa mafunzo si mwaka wa kalenda, na mara nyingi si mwaka wa hesabu za karakana. Mwanagenzi aliyeanza tarehe 16 Septemba anaingia mwaka wa pili tarehe 16 Septemba inayofuata. Haingii Januari, wala wakati karani anapofungua daftari jipya. Kosa hili ndilo nililolikuta mara nyingi kuliko yote: ngazi inasubiri Januari kwa sababu nyongeza za mafundi wote hutoka Januari. Kwa aliyeanza katikati ya Septemba, kusubiri huko ni miezi mitatu na nusu ya ngazi ya chini, na hujirudia kila mwaka.

Amua mambo matatu hapa. Kwanza, kinachompandisha ni muda au ni mtihani? Marekani programu nyingine hupandisha kwa saa za kazi zilizotimizwa, nyingine kwa stadi zilizothibitishwa. Ukichagua mtihani, andika pia nini kitatokea mtihani ukicheleweshwa bila kosa la mwanagenzi. Haki itendeke: mtihani ukifanyika kwa kuchelewa na akafaulu, ngazi irudishwe hadi tarehe yake ya awali na tofauti ilipwe. Mimi napendelea muda, kwa kuwa hauhitaji mtu wa kuamua.

Pili, ngazi ikianguka katikati ya mwezi, mwezi unagawanywa kwa siku au ngazi inaanza tarehe mosi? Kugawanya ni sahihi zaidi. Kuanza tarehe mosi ni rahisi zaidi, na ukichagua hivyo, chagua mosi ya mwezi uleule ili urahisi wa karani usilipiwe na mwanagenzi. Wapo wanaochagua mosi inayofuata. Ufaransa, mwanagenzi anapotimiza miaka 18 au 21, kiwango kipya cha umri huanza tarehe mosi ya mwezi unaofuata. Lisilofaa ni kukaa kimya.

Tatu, aliyekuja na mafunzo ya awali. Kama chuo kimemhesabia mwaka mmoja na muda wake umefupishwa, basi siku ya kwanza yuko kwenye ngazi ya mwaka wa pili. Posho ifuate mwaka wa mafunzo alio nao, si muda aliokaa kwenye karakana hiyo.

Hatua ya tano: andika kifungu

Baada ya hayo kifungu chenyewe ni kifupi. Kinaweza kusomeka hivi:

"Mwanagenzi atalipwa kila mwezi asilimia 40 ya mshahara kamili katika miezi 12 ya kwanza, asilimia 55 katika miezi 12 ya pili na asilimia 75 katika miezi 12 ya tatu, kuanzia tarehe ya mkataba huu. Mshahara kamili ni mshahara wa kuanzia, kabla ya makato, wa fundi aliyefuzu wa fani hii katika karakana hii, kama ulivyo katika mwezi unaolipwa. Mwezi wenye ngazi mbili utagawanywa kwa siku. Siku za darasani ni siku za kazi."

Maneno mazito kuliko yote hapo ni "kama ulivyo katika mwezi unaolipwa". Yakikosekana, mwajiri anaweza kusema kwa nia njema kabisa kwamba mshahara kamili ni ule wa siku ya kutia saini. Thamani ya maneno hayo matano itaonekana kwenye hesabu inayofuata.

Hatua ya sita: piga hesabu, mwezi kwa mwezi

Tumchukue mwanagenzi wa umeme wa majengo. Mkataba ni wa miezi 36, unaanza tarehe 16 Septemba. Ngazi ni 40, 55 na 75. Fundi anayeanza analipwa 1,200 siku hiyo. Kila Januari mshahara huo unapanda kwa 60, hivyo unakuwa 1,260, kisha 1,320, kisha 1,380.

Posho yake inabadilika mara mbili kwa mwaka: mara moja Septemba kwa sababu ya ngazi, mara moja Januari kwa sababu ya msingi.

| Kipindi | Mshahara kamili | Ngazi | Posho |
|---|---|---|---|
| Septemba 16 hadi Desemba, mwaka 1 | 1,200 | 40 | 480 |
| Januari hadi Septemba 15 | 1,260 | 40 | 504 |
| Septemba 16 hadi Desemba, mwaka 2 | 1,260 | 55 | 693 |
| Januari hadi Septemba 15 | 1,320 | 55 | 726 |
| Septemba 16 hadi Desemba, mwaka 3 | 1,320 | 75 | 990 |
| Januari hadi Septemba 15 | 1,380 | 75 | 1,035 |

Ukitumia jedwali la kompyuta, weka mshahara kamili kwenye safu ya B na ngazi kwenye safu ya C, kisha posho itokee yenyewe:

```
=ROUND(B2*C2/100, 2)
```

Usiandike posho kwa mkono kwenye kila mstari. Mshahara kamili ukibadilika Januari, unabadilisha B peke yake na kila kitu kinafuata. Karani anayeandika 480 kwa mkono ndiye atakayeinakili hadi Desemba ya mwaka unaofuata.

Septemba ya kupanda ina ngazi mbili. Siku 15 za kwanza ni za posho ya 504, siku 15 za mwisho ni za 693. Mwezi una siku 30, kwa hiyo ni nusu kwa nusu: 252 na 346.50, jumla 598.50. Hati ya mshahara ya mwezi huo ionyeshe mistari miwili. Ikionyesha 598.50 peke yake, mwanagenzi hatajua imetoka wapi, na Oktoba akipata 693 atadhani Septemba alipunjwa.

Sasa tufanye kana kwamba msingi umegandishwa kwenye 1,200 tangu siku ya saini. Posho zingekuwa 480, 660 na 900, miezi kumi na miwili kila moja. Mwaka wa kwanza tofauti ni ndogo: alistahili 5,964 na amepata 5,760, pungufu 204. Hakuna atakayelalamika. Mwaka wa pili alistahili 8,596.50, amepata 7,920, pungufu 676.50. Mwaka wa tatu alistahili 12,262.50, amepata 10,800, pungufu 1,462.50. Kwa miaka yote mitatu amekosa 2,343, zaidi ya posho mbili nzima za miezi ya mwisho.

Na mkataba bado unasema asilimia 75. Lakini katika mwezi wake wa mwisho analipwa 900 wakati fundi anayeanza analipwa 1,380, nayo 900 ni asilimia 65 tu ya 1,380. Pointi kumi zimeyeyuka bila mtu yeyote kugusa namba kwenye karatasi. Msingi uliogandishwa unauma zaidi kadiri muda unavyokwenda, kwa sababu unauma kwenye ngazi zilizo kubwa.

Hatua ya saba: zuia posho isikatwe mara mbili

Asilimia 40 ya mwaka wa kwanza tayari imeshazingatia kwamba mwanagenzi hafanyi kazi ya fundi wiki nzima. Tulipokadiria hatua ya pili, siku ya darasani ilikuwa ndani ya hesabu. Karani anayelipa siku nne kati ya tano kwa sababu "Alhamisi alikuwa chuoni" anaipunguza posho kwa sababu ileile mara ya pili. Asilimia 40 mara nne ya tano ni 32. Ndiyo maana kifungu kilisema siku za darasani ni siku za kazi. Sheria ya Ujerumani inasema waziwazi kwamba posho huendelea kulipwa kwa muda ambao mwanagenzi ameruhusiwa kwenda shule ya ufundi.

Makato ya kiasi maalumu nayo yahitaji kuangaliwa. Karakana inayokata 48 kila mwezi kwa ajili ya zana na mavazi ya kazi inamkata fundi wa 1,200 asilimia 4. Kwa mwanagenzi wa 480, kiasi hichohicho ni asilimia 10, na ngazi yake ya kweli imeshuka hadi 36. Kama lazima kuwe na makato, yafuate asilimia ya ngazi: anayelipwa asilimia 40 akatwe asilimia 40 ya makato ya fundi. Zana anazojifunzia, kwa maoni yangu, ni gharama ya mafunzo na hazimhusu.

Malazi na chakula vikitolewa badala ya fedha, viwekewe kikomo kwenye mkataba. Ujerumani huruhusu vihesabiwe kama sehemu ya posho, ila visizidi asilimia 75 ya posho yote kabla ya makato. Pasipo kikomo cha namna hiyo posho inaweza kubaki jina tu mwaka wa kwanza.

Hatua ya nane: kagua hati yako, na dai ukikuta pungufu

Mwanagenzi anahitaji namba moja ambayo haimo kwenye hati yake: mshahara wa kuanzia wa fundi wa fani yake mwezi huo. Aiombe kwa mwajiri au kwa mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Mahali palipo na mkataba wa hali bora, imo humo.

Kisha chukua posho kabla ya makato, igawe kwa mshahara kamili, zidisha kwa 100. Jibu liwe sawa na ngazi yako. Ukitumia kiasi kilichoingia mkononi, baada ya makato, utapata namba ndogo na utamlaumu karani bila sababu. Fanya ukaguzi huu miezi minne tu kwa mwaka: mwezi wa kupanda ngazi na unaofuata, na mwezi wa nyongeza ya mafundi na unaofuata. Miezi mingine haina jipya.

Jibu likipungua, namba yenyewe mara nyingi hukuambia kosa liko wapi. Ukiwa kwenye ngazi ya 55 na ukapata 40 kamili, ngazi haijapandishwa. Ukipata 52 na kitu, msingi ni wa mwaka jana: 660 kwa 1,260 ni asilimia 52.4. Ukipata 44, gawa 44 kwa 55 uone: ni nne ya tano, kwa hiyo siku za darasani zimekatwa. Ukipata 46, mtu ameongeza asilimia 15 juu ya posho badala ya pointi 15.

Kijana mmoja aliwahi kunijia na daftari la shule lenye safu tatu: mwezi, alicholipwa, alichostahili. Akasema, "Shikamoo dada. Naomba uniangalizie hapa, nadhani mimi ndiye niliyekosea." Hakuwa amekosea. Msingi wake ulikuwa wa mwaka uliopita, na ilichukua dakika kumi kuthibitisha kwa sababu kila mwezi ulikuwa kwenye mstari wake. Nenda hivyo hivyo. Andika madai kwa maandishi, onyesha miezi mmoja mmoja, taja kifungu cha mkataba, na uombe tofauti ilipwe pamoja na posho ya mwezi unaofuata. Usisubiri miaka mitatu ipite, kwa maana nchi nyingi zina ukomo wa muda wa kudai mshahara uliopita.

Mwajiri akigundua kosa kabla ya mwanagenzi, atengeneze jedwali lilelile na alipe. Akikuta amelipa zaidi, asikate yote kwa mkupuo kwenye posho iliyo asilimia 40 ya mshahara. Makato yagawanywe kwa miezi kadhaa, kwa makubaliano ya maandishi.

Mwezi wa mwisho

Mkataba wa mwanagenzi wetu wa umeme unakwisha tarehe 15 Septemba. Amefaulu na karakana imembakiza kama fundi. Hapa karani wengi huendelea na 1,035 hadi mwisho wa mwezi na kuanza mshahara mpya Oktoba. Lakini kuanzia tarehe 16 hakuna uanagenzi tena, na hakuna ngazi. Siku 15 za kwanza ni nusu ya 1,035, yaani 517.50. Siku 15 za mwisho ni nusu ya 1,380, yaani 690. Septemba hiyo analipwa 1,207.50 kabla ya makato.